Est-ce que si "Je": kutafsiri maswali ya Kifaransa

"Shikamoo mwalimu. Nipo Dar es Salaam, nafanya tafsiri za Kifaransa. Nimepewa dodoso kuhusu chanjo za watoto, litasomwa kwa akina mama Temeke na Ilala. Shuleni tulifundishwa kwamba est-ce que ni 'Je', kwa hiyo nimeanza kila swali kwa 'Je'. Lakini maswali mengi hayana est-ce que, wamegeuza tu kitenzi kikatangulia: avez-vous, a-t-il. Hayo nayo nimeyapa 'Je'. Mhariri amerudisha kazi, anasema inasomeka kama mtihani, na kwamba baadhi ya majibu yatapotoka. Nimekosea wapi? Hivi vitu viwili tunavitafsirije?"

Marahaba, na pole kwa kurudishiwa kazi. Mhariri wako yuko sahihi kwa yote mawili. La mtihani ni la mtindo tu na halitakuchukua muda. La majibu kupotoka ni zito, na nitalipa nafasi kubwa, lakini tupitie kwanza kwenye hilo "Je", kwa sababu chanzo chao ni kimoja.

Mfaransa anayetaka kujua kama una watoto ana njia tatu. Anaweza kusema "Vous avez des enfants ?" akapandisha sauti mwishoni. Anaweza kusema "Est-ce que vous avez des enfants ?" Na anaweza kugeuza mpangilio, kitenzi kikatangulia kiima: "Avez-vous des enfants ?" Njia hii ya tatu tuiite mgeuzo. Kinachoulizwa mara zote tatu ni kilekile na jibu linalotarajiwa ni lilelile. Kinachobadilika ni mazingira. Ile ya kiimbo ni ya nyumbani na mtaani, ndiyo utakayoisikia zaidi watu wakiongea. Est-ce que inakaa popote bila kumkera mtu. Mgeuzo ni wa karatasi: fomu, barua ya ofisi, gazeti, mahakama, na mazungumzo ya heshima. Walioandika dodoso lako walitumia mgeuzo kwa sababu ni hati rasmi, basi. Hawakukusudia swali kali zaidi, wala swali gumu zaidi, kuliko yale yenye est-ce que.

Sasa tazama kwetu. Sisi hatuyapangi maswali kwa urasmi hivyo. Vineno vyetu vya kuulizia vinapanga kitu kingine kabisa, yaani yule anayeuliza anatarajia nini. "Umekula?" ni swali la mtu asiyejua. "Si umekula?" ni la mtu anayeamini umekula na anataka ukubali. "Kwani umekula?" ni la mtu aliyeshtushwa na jambo, dhana yake imeyumba. "Eti umekula?" ni la mtu aliyeambiwa na mwingine. "Mbona umekula?" si swali la kama umekula au hukula, hilo linajulikana tayari. Ni swali la mtu aliyetegemea usile, na mara nyingi ndani yake mna lawama. Mfaransa naye ana namna ya kusema hayo yote, lakini hatumii est-ce que wala mgeuzo kuyasema. Anatumia ukanushi, anaongeza "donc" au "mais", au anasema "comment se fait-il que". Ndiyo maana ukichukua umbo la Kifaransa na kulitafutia umbo lake la Kiswahili, moja kwa moja, unakuwa unalinganisha urasmi na matarajio. Vitu hivyo viwili havikutani.

"Je" ni nini basi? Kwanza, si lazima. Kwenye foleni ya daladala mtu atakuuliza "Hili linaenda Mbagala?" na hakuna atakayesema "Je, hili linaenda Mbagala?" Kiimbo kinatosha. "Je" utaisikia redioni, kwenye hotuba, kwenye tangazo, kwenye karatasi ya mtihani. Kazi yake ni kumwita msikilizaji ajiandae kwa sababu swali linakuja, na ina harufu ya jukwaani. Kwa hiyo ukipima kwa urasmi, "Je" iko karibu na mgeuzo kuliko ilivyo karibu na est-ce que. Hiyo ni kinyume cha ulichofundishwa shuleni. Hata hivyo usikimbilie kuandika kanuni mpya kwamba kila mgeuzo ni "Je". Dodoso lako litasomwa kwa sauti na mhojaji aliyekaa kwenye mkeka na mama mwenye mtoto mapajani. Urasmi unaomfaa Mfaransa anayesoma fomu kimyakimya haumfai mama huyo akiusikia swali baada ya swali.

Ningeibakiza "Je" sehemu mbili tu. Ya kwanza ni pale mada inapobadilika, mfano umemaliza maswali ya makazi unaingia ya chanjo. Hapo "Je" inafanya kazi yake halisi ya kugeuza sikio la mtu. Ya pili ni swali refu ambalo msomaji angelidhani ni taarifa mpaka akutane na alama ya kuuliza mwishoni. Kiswahili hakibadilishi mpangilio wa maneno katika swali la ndiyo au hapana. "Mama wa mtoto aliyezaliwa katika kituo hiki baada ya mwezi Januari alipewa kadi siku hiyohiyo" inaweza kuwa habari na inaweza kuwa swali. Mfaransa hana shida hiyo, kitenzi kikitangulia amekwisha kujua. Sisi "Je" inatuokoa hapo, na mhojaji asiyelisoma swali mapema atakushukuru. Maswali mafupi yaachie yasimame yenyewe.

Kabla ya kuiacha est-ce que, inafaa uone ilivyoundwa, kwa sababu ndiyo inayowatega watu kwenye maswali ya nini, wapi na nani. Ni "c'est que" iliyogeuzwa, kama kusema "ni kwamba...?" Zamani ilikuwa na msisitizo wake, leo imeganda ikawa kipande kimoja kinachotamkwa haraka, na Mfaransa hasikii tena msisitizo wowote ndani yake. Ukitafuta muundo wa Kiswahili unaofanana nayo kwa mifupa, hautakuwa "Je". Utakuwa ule wa "ni" pamoja na kirejeshi: "Ni wapi mnakochota maji?" "Ni nini unachotaka?" Tofauti ni kwamba wetu haujaganda. Msikilizaji bado anausikia msisitizo. "Ni wapi mnakochota maji?" inasikika kama mtu anayebana, kana kwamba tumekubaliana mnachota mahali fulani na sasa nataka mpataje. Kwa hiyo "Où est-ce que vous puisez l'eau ?" itafsiri "Mnachota maji wapi?" Na "Où puisez-vous l'eau ?" itafsiri hivyohivyo.

Angalia pia mahali pa neno la kuulizia. Kifaransa cha kuandika kinaliweka mwanzoni. Kiswahili kwa kawaida kinaliacha pale ambapo jibu lingekaa, baada ya kitenzi. "Quand l'enfant est-il né ?" ni "Mtoto alizaliwa lini?" Ukiandika "Lini mtoto alizaliwa?" utaeleweka, ila ni Kifaransa kilichovaa maneno ya Kiswahili. Pale tu ambapo kinachoulizwa ni kiima ndipo "nani" au "nini" inapotangulia bila kulazimisha: "Qui est-ce qui garde l'enfant ?" inakuwa "Nani anamlea mtoto?" au "Ni nani anayemlea mtoto?", na zote mbili ni za kawaida. Hapo utofautishe "qu'est-ce qui" na "qu'est-ce que", maana herufi moja ya mwisho inabadilisha mtenda. "Qu'est-ce qui vous inquiète ?" ni "Nini kinakutia wasiwasi?" na "Qu'est-ce que vous craignez ?" ni "Unaogopa nini?"

Na ile "-je" ya mwisho wa kitenzi ni kitu tofauti na "Je" ya mwanzoni. Hiyo huuliza namna. "Comment est-ce que vous conservez la carte ?" ni "Kadi unaitunzaje?" Ukiongeza "Je" mbele unapata "Je, kadi unaitunzaje?", ambayo si kosa la sarufi, ila hakuna kinachoongezeka. Wanaoanza Kifaransa hubabaishwa zaidi na "-je" ya "Que dois-je faire ?", kwa sababu Kiswahili chake ni "Nifanyeje?" na maumbo yanafanana kwa macho. Hiyo ya Kifaransa ni "mimi" tu, iliyogeuzwa ikaja nyuma ya kitenzi.

Tuje kwenye swali ambalo nadhani lipo kwenye dodoso lako, au linalofanana nalo: "Votre enfant a-t-il reçu le vaccin contre la rougeole ?" Hapa kuna mgeuzo wa aina ya pili. Kiima ni nomino, "votre enfant", na Kifaransa hakiruhusu nomino hiyo iruke nyuma ya kitenzi katika swali la namna hii. Kinaiacha mbele, kisha kinaongeza "il" nyuma ya kitenzi ili mgeuzo utimie. Ile "t" katikati haina maana yoyote, imewekwa ili irabu mbili zisigongane. Nimeona tafsiri zinazosema "Mtoto wako, je, yeye amepata..." Huyo "yeye" ndiye "il" aliyetafsiriwa bure. Kiswahili tayari kina kazi hiyo ndani ya kitenzi, ni "a-" ya "amepata". Andika "Mtoto wako amepata chanjo ya surua?" na hakuna kilichopotea.

Ila kuna uamuzi ambao Kifaransa kimekuachia. "A reçu" inaweza kuwa "alipata" na inaweza kuwa "amepata", na katika swali uamuzi huo unabadilisha majibu. Ukiuliza "Mtoto alipata chanjo ya surua?", mama atajibu ndiyo au hapana kuhusu jambo lililopita. Ukiuliza "Mtoto amepata" au "ameshapata", unamfungulia jibu la tatu, nalo ni "bado". Kwetu chanjo ya surua na rubela mtoto huanza kuipata akiwa na miezi 9. Mama wa mtoto wa miezi 7 akiulizwa kwa "-me-" atasema "Bado", na amesema ukweli wote: haijapatikana, inasubiriwa. Akiulizwa kwa "-li-" atalazimika kusema "Hapana", na kwenye karatasi ataonekana sawa na mama wa mtoto wa miaka 2 aliyekosa chanjo. Kifaransa kingetofautisha kwa "Non, pas encore" na "Non". Kama visanduku vya dodoso ni "Oui" na "Non" tu, waandikie waliokupa kazi, uwaombe kisanduku cha "Bado". Hilo liko ndani ya kazi ya mtafsiri kabisa. Na ukikuta "déjà" ndani ya swali, kama "Avez-vous déjà refusé un vaccin ?", hiyo si "tayari". Inauliza kama jambo liliwahi kutokea: "Umewahi kukataa chanjo?"

Sasa majibu kupotoka. Naamini mhariri alikuwa anatazama maswali ya kukanusha, na hapa ndipo ningekaa nawe kwa muda mrefu kuliko kwingine. Chukua swali hili: "N'avez-vous pas emmené l'enfant au centre de santé le mois dernier ?" Wewe, kwa kufuata umbo, utaandika "Je, hukumpeleka mtoto kliniki mwezi uliopita?" Sarufi safi. Tuseme mama hakumpeleka. Mama wengi watajibu "Ndiyo", wakimaanisha "ndiyo, ni kama unavyosema, sikumpeleka". Katika Kiswahili "ndiyo" inathibitisha kauli iliyosemwa, na kauli iliyosemwa ni ya kukanusha. Mhojaji anaweka alama kwenye "Ndiyo". Karatasi inarudi kwa waliolitunga, "Ndiyo" inageuzwa "Oui", na mchambuzi anasoma kwamba mtoto alipelekwa. Mtoto hakupelekwa.

Kwa Mfaransa jibu hufuata ukweli wa tendo, halifuati umbo la swali. Tendo halikufanyika, jibu ni "Non". Na kwa kuwa "oui" ingechanganya pale tendo lilipofanyika, wana neno la tatu, "si", ambalo kazi yake ni kupinga ukanushi. Kwa hiyo mama ambaye hakumpeleka mtoto, kwa Kiswahili ni "Ndiyo, sikumpeleka", kwa Kifaransa ni "Non, je ne l'ai pas emmené". Mama aliyempeleka, kwa Kiswahili ni "Hapana, nilimpeleka", kwa Kifaransa ni "Si, je l'ai emmené". Umeona kwamba "ndiyo" imetua kwenye "non", na "hapana" imetua kwenye "si". Mkalimani anayebadilisha neno kwa neno atakuwa amegeuza ushahidi wa mtu.

Na mambo hayaishii hapo, kwa sababu mjini si wote wanaojibu hivyo. Utampata mama mwingine palepale Temeke atakayesema "Hapana, sikumpeleka", hasa aliyezoea Kiingereza cha ofisini. Neno la kwanza peke yake haliaminiki. Linaloaminika ni kitenzi kinacholifuata. Katika dodoso tiba ni rahisi: ondoa ukanushi. "Mwezi uliopita ulimpeleka mtoto kliniki?" Sasa ndiyo ni ndiyo kwa kila mtu. Usiogope kwamba umelisaliti andiko. Ukanushi kwenye mgeuzo wa Kifaransa mara nyingi ni adabu, au ni dalili kwamba muulizaji anategemea ndiyo, na dodoso halitakiwi kutegemea chochote. Waandikie watunzi mstari mmoja uwaeleze ulichofanya na sababu yake, ili wasije wakaurudisha ukanushi wenyewe.

Lakini ikiwa unachotafsiri ni mahojiano yaliyokwisha kufanyika, au maneno ya wakili, huna ruhusa ya kuondoa ukanushi. Hapo jiulize muulizaji alitarajia nini. "N'aviez-vous pas reçu une carte ?" kwa kawaida inasemwa na mtu anayeamini kadi ilitolewa. Mwenzake wa Kiswahili si "Hukupewa kadi?" Ni "Si ulipewa kadi?", kitenzi kikiwa cha kukubali, na matarajio yakibebwa na "si". Faida yake ya pili ni kwamba jibu linanyooka. "Ndiyo, nilipewa" na "Hapana, sikupewa" hazina utata. Kama muulizaji ameshangaa kweli, alidhani kadi ilitolewa na sasa anaona haikutolewa, basi "Kwani hukupewa kadi?" inamfaa zaidi. Tofauti hiyo kwenye Kifaransa utaipata kwa kusikiliza sauti au kwa kuona "mais" au "donc" pembeni. Umbo la swali halitakuonyesha.

Kwa sababu hiyohiyo chunga "pourquoi". "Pourquoi n'avez-vous pas fait vacciner l'enfant ?" ukiitafsiri "Mbona hukumpeleka mtoto kuchanjwa?" umemhukumu mama kabla hajajibu, na atajitetea badala ya kukueleza. "Kwa nini" ina upole zaidi, lakini ikikaa na ukanushi bado inauma kidogo. Ningeandika "Ni sababu gani ilifanya mtoto asipate chanjo?" Hapo lawama imeondoka kwa mama ikabaki kwenye sababu. "Mbona" iweke akiba kwa siku utakapokutana na "Comment se fait-il que...", kwa sababu hiyo ndiyo inayobeba mshangao wa mtu aliyetegemea kinyume.

Urasmi wa mgeuzo, ule tuliosema "Je" haiubebi vizuri mbele ya mama, unaweza kuuhamishia mahali pengine. Kiswahili kinaweka heshima kwenye namna ya kumwita mtu na kwenye ombi. "Pourriez-vous me dire votre âge ?" ukiandika "Je, unaweza kuniambia umri wako?" umeuliza kuhusu uwezo wake. Sema "Mama, naomba uniambie umri wako." Swali la Kifaransa limekuwa ombi la Kiswahili, na alama ya kuuliza imeondoka. "Puis-je voir la carte ?" ni "Naomba kuiona kadi ya kliniki." Na ukikuta kwenye maelekezo ya mhojaji kwamba akifika mlangoni aseme "Puis-je entrer ?", sidhani kama unahitaji ushauri wangu: ni "Hodi!" Wakati huohuo kumbuka kwamba "vous" anayeulizwa ni mama mmoja. Andika "una", "ulimpeleka". Iandike "mna" pale tu swali linapohusu kaya nzima, kama lile la maji, la sivyo mama atakuuliza "Mimi na nani?"

Kuna mtego mwingine ambao hauko kwenye maswali, upo kwenye kurasa za maelekezo kwa mhojaji. Si kila mgeuzo ni swali. Unaweza kukuta hivi: "Peut-être la mère hésitera-t-elle à répondre. Aussi convient-il de la rassurer." Mtu aliyezoea kwamba kitenzi kikitangulia ni swali ataandika "Je, labda mama atasita kujibu?" Hakuna swali hapo. Kifaransa cha kuandika hugeuza mpangilio baada ya maneno fulani yanayoanza sentensi, kama "peut-être", "sans doute", "à peine" na "aussi". Tafsiri yake ni "Huenda mama akasita kujibu. Kwa hiyo inafaa kumtuliza." Dalili ya kwanza ni kukosekana kwa alama ya kuuliza. Dalili ya pili ni neno lenyewe lililoanza. Na "aussi" ikianza sentensi yenye mgeuzo haimaanishi "pia", inamaanisha "kwa hiyo". Hilo limepindua maana ya aya nzima kwenye hati nilizowahi kusoma. Vivyo hivyo "sans doute" ni "pengine" au "bila shaka" iliyopoa. Uhakika kamili wao huusema "sans aucun doute".

Kwenye kurasa hizohizo utakuta pia maagizo kama "Demandez-lui si l'enfant a eu de la fièvre." Swali hapa limemezwa ndani ya sentensi, Kifaransa kimeacha est-ce que na mgeuzo vyote viwili, na "si" yake ni "kama": "Muulize kama mtoto alipata homa." Ukitaka kumnukulia mhojaji maneno ya kusema, funga swali kwenye alama za kunukuu na uliandike kama atakavyolitamka.

Ukirudi kazini, pitia dodoso mara mbili. Mara ya kwanza tafuta maswali yenye "ne... pas" pekee na uyamalize hayo, kwa sababu ndiyo yanayoharibu data. Mara ya pili soma yote kwa sauti, futa "Je" kila unapoona sentensi inasimama bila yake, na uzipime "-li-" na "-me-" kwenye kila swali la chanjo.

Kisha kuna mambo ambayo hutayamaliza mezani kwako. Wapelekee maswali akina mama wachache wa maeneo yale yale, kabla dodoso halijachapwa, na mwombe mtu mwingine asome wewe ukisikiliza. Mama akijibu "ndiyo" kisha akaeleza kinyume chake, au akiuliza "Unasemaje?", andika namba ya swali hilo. Mpe pia mtafsiri mwingine, ambaye hajauona Kifaransa, akirudishe Kiswahili chako kwenye Kifaransa. Maswali yaliyobadilika matarajio yatajionyesha yenyewe. Ukikwama kwenye sauti ya Kifaransa, kwamba swali fulani ni adabu au ni mshangao, hilo halitatuliwi kwa kamusi. Nenda Alliance Française pale Upanga ukamtafute mwalimu akusomee swali hilo kwa namna mbili, usikie. Na ikitokea ukapewa kutafsiri maelezo ya shahidi au hati ya mahakama, usiipeleke bila kupitiwa na BAKITA, na mahali popote ambapo shahidi amejibu "ndiyo" tupu kwa swali la kukanusha, usichague wewe alimaanisha nini. Iache "Ndiyo" kama ilivyo, uweke maelezo ya mtafsiri kwamba jibu lina utata, na uombe aulizwe tena.